Ankara ya dola: tumia kiwango cha tarehe iliyoandikwa juu yake

Wadau wa kuagiza mzigo nje, leo tuongelee namba moja tu: dola ya kwenye ankara ukiigeuza shilingi, unatumia kiwango cha siku gani? Wengi wanatumia cha siku wanayokaa kuandika hesabu. Matokeo yake mizigo miwili ya bei moja inaonekana ina gharama tofauti, kisa tu moja iliandikwa leo na nyingine mwezi ujao.

Mimi nauza makava ya simu na nafanya hivi. Ankara ikija kwa picha au PDF naiweka Google Drive, naifungua kwa Google Docs ili maandishi yatoke, halafu nakopi tarehe na jumla kwenda Google Sheets. Kwenye shiti ya kwanza, A ni tarehe ya ankara, C ni dola. Shiti ya pili naiita Viwango: A tarehe, B kiwango cha dola siku hiyo. Viwango natoa tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, safu ya `Mean`, yaani wastani wa kununua na kuuza. Chagua safu moja na ubaki nayo mwaka mzima. Tarehe zipangwe kuanzia ya zamani kuja mpya, la sivyo fomula itakudanganya.

Kwenye D naweka:

```
=VLOOKUP(A2,Viwango!A:B,2,TRUE)
```

Hiyo `TRUE` ndiyo yenye kazi. Ikikosa tarehe yenyewe, inachukua ya karibu iliyotangulia. Chukua ankara ya dola 400 ya tarehe 10 Machi 2024. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, hakuna kiwango kipya, kwa hiyo inarudi Ijumaa tarehe 8. Tuseme kiwango kilikuwa 2,550 (namba ya mfano tu, kurahisisha hesabu). Mara 400 unapata shilingi 1,020,000. Makava yakiwa 200, kila moja limekugharimu 5,100 kabla ya usafiri na ushuru.

Sasa tuseme umelipa tarehe 21 Machi, na benki imekukata kwa 2,580. Zimetoka 1,032,000. Usirudi kubadilisha gharama ya mzigo. Ile 12,000 iliyozidi iandike mstari wake: hasara ya kubadilisha fedha. Hapo ndipo utajua kama faida imepungua kwa sababu supplaya kapandisha bei, au kwa sababu ulichelewa kulipa na shilingi ikashuka. Ukizichanganya, unaweza kumgombeza supplaya ambaye hana kosa.

Tatizo kubwa linatokea kwenye tarehe. Ankara imeandikwa 10/03/2024. Shiti yako ikiwa imesetiwa Kimarekani, inasoma mwezi wa kumi tarehe tatu. Kama jedwali lako la Viwango limeishia Machi, fomula hailalamiki hata kidogo: inachukua kiwango cha mwisho ilichokiona na kukuletea jibu linalofanana na la kweli. Kwa hiyo naongeza safu F, inayoonyesha tarehe ya kiwango kilichotumika:

```
=VLOOKUP(A2,Viwango!A:A,1,TRUE)
```

Linganisha A na F. Zikipishana siku moja, mbili au tatu, kwa kawaida ni wikiendi au sikukuu. Zikipishana zaidi ya hapo, simama: kama si sikukuu ndefu, huenda tarehe imesomwa vibaya au hujajaza Viwango. Ukiona `#N/A`, mara nyingi tarehe imeingia kama maandishi, au ni ya kabla ya mstari wako wa kwanza. Jaribu `=ISNUMBER(A2)`, ikijibu `FALSE`, andika tarehe upya kwa mkono. Na usetie nchi ya shiti kwenye `File`, kisha `Settings`, `Locale`, kabla hujaanza kupesti chochote.

Mambo mawili ya mwisho. Forodha wana kiwango chao, kwa hiyo thamani kwenye karatasi zao huenda isilingane na shiti yako. Usilazimishe zilingane, ushuru uandike kama ulivyolipa. Pili, kiwango cha tarehe ya ankara kinakuambia mzigo huu uligharimu nini. Ukipanga bei ya kuuzia, angalia pia dola ya leo, maana pesa utakayopata ndiyo itanunua mzigo unaofuata.

Anza na ankara zako tatu za mwisho. Weka safu F, na kabla hujaangalia shilingi, angalia kwanza tarehe.