Kuingia Bandarini Usiku: Kuzisoma Taa za Mnara na Maboya

Anayemiliki au kukodi boti hana budi kujua kwamba usiku kila taa ya baharini ina utambulisho wake. Kuuona mwanga wa mnara hakutoshi. Yapasa kuhesabu mimweko yake na kupima kwa saa muda wa mzunguko mzima. Tuseme ramani ya bahari inaonyesha mnara unaomweka mara tatu kila sekunde 15. Nahodha akihesabu mimweko miwili kila sekunde 10, huo si mnara anaoutafuta, na huenda chombo hakipo mahali anapodhania. Na asubiri kwenye kina kirefu hadi ahakikishe.

Mnara ukishatambulika, nahodha huyatafuta maboya ya kandokando ya njia. Katika pwani ya Afrika Mashariki, chombo kinachoingia kutoka baharini huyaacha maboya ya taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Kinapotoka, pande hubadilika. Wakati wa kuingia, boya jekundu likipita kuliani, chombo kimekwisha kutoka nje ya njia, na mbele huenda kuna fungu au mwamba. Hapo punguza mwendo mara moja.

Hata hivyo, mnyororo wa boya huweza kukatika na taa kuzimika. Kwa hiyo tunashauri kila boya lilinganishwe na ramani na dira, na boya moja lisitegemewe peke yake.