Maziwa yatatoka na nyuzi ngapi?

Maziwa yakikamuliwa huwa na joto la nyuzi 35 hivi. Kabla ya kuingia kwenye tangi la kupozea, mfugaji mkubwa huyapitisha kwenye kipoza cha sahani: bamba nyembamba za chuma kisichoshika kutu, maziwa yakipita upande mmoja, maji ya kisima upande wa pili, yakielekea kinyume.

Tuseme maji yana nyuzi 20 na sahani zina jumla ya mita za mraba 2. Maziwa yatatoka yakiwa na nyuzi ngapi? Njia iliyozoeleka, ya wastani wa tofauti za joto, inadai kujua joto la kuingia na la kutokea kwa pande zote mbili. La kutokea ndilo linalotafutwa. Fundi hubaki kukisia, kukokotoa, kisha kukisia upya.

Kitabu cha William Kays na Alexander London wa Stanford, cha 1955, kiliieneza njia nyingine. Huanza na swali: kipoza kisicho na kikomo cha ukubwa kingehamisha joto kiasi gani? Maziwa yangeshuka hadi nyuzi 20, yaani nyuzi 15 nzima. Sehemu ya kiasi hicho inayopatikana kweli huitwa ufanisi.

Ufanisi huo hutegemea namba mbili. Kila sekunde hupita nusu kilo ya maziwa, ambayo huhitaji kilowati 1.95 kwa kila nyuzi moja. Kilo moja ya maji huhitaji 4.18. Ukigawanya ndogo kwa kubwa unapata R, 0.47. Sahani nazo hupitisha kilowati 4 kwa kila nyuzi ya tofauti kati ya maziwa na maji. Zikigawanywa kwa 1.95 zinatoa 2.05. Hii ndiyo NTU, idadi ya vizio vya uhamishaji joto: uwezo wa sahani ukilinganishwa na mzigo wa kimiminika chepesi zaidi kubadilika joto.

```
E = (1 - e^(-NTU(1-R))) / (1 - R·e^(-NTU(1-R)))
```

Jibu ni 0.79. Maziwa hushuka nyuzi 11.8, yanatoka na 23.2, maji yanatoka na 25.5. Hakuna kukisia. Vimiminika vikielekea upande mmoja kanuni hubadilika, na maziwa hutoka na nyuzi 25.3.

Muuzaji akishauri sahani ziongezwe maradufu, ufanisi unafika 0.94 na maziwa 20.9. Gharama ya mita 2 zaidi kwa nyuzi 2.3! Na hakuna idadi ya sahani itakayoyashusha chini ya 20, kwa hiyo tangi la kupozea bado linahitajika.

Hesabu hurudi nyuma pia. Miezi kadhaa baadaye, mtiririko na joto la kuingia vikiwa vilevile, maziwa yakitoka na nyuzi 25, ufanisi umeshuka hadi 0.67 na NTU hadi 1.36. Theluthi ya uwezo wa sahani imepotea, na mshukiwa wa kwanza ni utando wa maziwa uliogandamana.