Mkeka wa Mechi Moja na Hesabu Zake

Novemba 5, 2023, Yanga iliichapa Simba 5-1 katika Ligi Kuu. Mtu aliyebashiri kwamba Yanga itashinda, kwamba mabao yatazidi mawili na kwamba timu zote zitafunga, alipatia yote matatu jioni ileile. Kwenye mkeka ni chaguo tatu, ila zote zimebebwa na mvua moja ya mabao.

Hapo ndipo kampuni za ubashiri huwa macho. Ukichanganya mechi ya Dar es Salaam na ya London, matokeo ya huku hayagusi ya kule, kwa hiyo odi huzidishwa moja kwa moja. Ndani ya mechi moja hesabu hiyo inapotosha.

Tuchukue mfano wa timu kubwa inayocheza nyumbani. Tuseme katika mechi 100 za aina hiyo hushinda 61, na mechi 48 huzaa mabao matatu au zaidi. Bila faida ya kampuni, odi ni 1.64 na 2.08, ukizizidisha unapata 3.41. Lakini timu hiyo inaposhinda, mara nyingi mabao huwa mengi, hivyo mambo hayo mawili yanaweza kutokea pamoja katika mechi 36, wakati kuzidisha kunaahidi 29 tu. Odi ya haki basi ni 2.78. Kampuni ikilipa 3.41, mchezaji anayeweka shilingi 1,000 kila mechi atatoa 100,000 na kurudishiwa 122,760. Duka litafungwa.

Ndiyo maana zamani mifumo mingi ilikataa kabisa chaguo mbili za mechi moja kwenye mkeka mmoja. Siku hizi kompyuta huichezesha mechi hiyo maelfu ya mara kwa mahesabu, kisha huhesabu ni mara ngapi chaguo zote zimetimia pamoja.

Si kila mara odi hushuka. Timu ileile ishinde na mabao yasizidi mawili: hizo ni mechi 25 zilizobaki kati ya ushindi 61. Odi ya haki ni 4.00, ilhali kuzidisha kungetoa 3.15. Na ukiongeza “timu hii itafunga bao” juu ya ushindi wake, odi haipaswi kusogea hata kidogo, maana hakuna anayeshinda bila kufunga.

Kwa hiyo odi kuwa chini ya ile ya kuzidisha si ushahidi wa kupunjwa. Kupunjwa, kukiwepo, hukaa kwenye faida ya kampuni, na kwenye mkeka wa aina hii ni vigumu kuiona. Katika mfano wetu, kampuni ikitoa 2.45 badala ya 2.78, katika ile 100,000 inarudisha 88,200. Mchezaji haonyeshwi ile 2.78. Anachoweza kufanya ni kuulinganisha mkeka uleule kwenye kampuni mbili tatu, au kutazama soko lililo tayari la “ushindi na mabao zaidi ya 2.5”, ambalo kampuni nyingi huliorodhesha peke yake.