Mbao za paa: karatasi ya ukaguzi inapashwa kusema nini mbele ya kupigilia mabati

Watu wengi wanajenga, fundi anasema « sharpanti iko tayari », na mabati yanapanda kesho yake. Kiisha miezi sita misumari inaanza kulegea, dari inapasuka, na unga mweupe unaanguka juu ya kitanda. Mambo hayo yangeonekana mapema kama mtu angepanda na ngazi, akatazama vitu vine, akaviandika kwenye karatasi.

Tuchukue mfano wa nyumba ya Butembo yenye upana wa mita 6. Iko na ferme 7 za kalitusi, mbao za sentimeta 5 kwa 10.

Cha kwanza ni aina ya mti. Kuandika « mbao nzuri » haitoshi. Kalitusi iko na nguvu ya kubeba mabati, lakini ikikatwa ingali mchanga inajipinda na kupasuka kwenye ncha. Mkaguzi anatazama pia pembeni ya mbao: sehemu ya nje ya mti, ile yenye rangi nyeupe, njo vidudu vinapenda. Muvula, kwa mfano, moyo wake unakataa mchwa, lakini sehemu yake nyeupe inaliwa kama ya mti mwingine. Karatasi yetu inasema: « Kalitusi, mbao nyingi ziko na sehemu nyeupe upande mmoja. »

Cha pili ni maji ndani ya mbao. Kama hakuna mashine ya kupima, mizani inatosha. Unakata kipande katikati ya mbao, siyo kwenye ncha juu ncha inakauka mbele. Unakipima: gramu 620. Unakikausha polepole karibu na moto, bila kukiunguza, mpaka uzito hauteremki tena: gramu 460. Maji yaliyotoka ni gramu 160. Gawanya 160 kwa 460, unapata karibu asilimia 35. Kwa kupigilia paa, inafaa iwe chini ya 20. Mbao inaanza kujikunja ikishuka chini ya karibu 30. Maana yake kujikunja kwingi kwa hii ya kwetu kungali mbele. Itajikunja ikiwa juu, ikishikwa na misumari. Pale njo misumari inalegea.

Cha tatu ni maungio. Pa kutazama zaidi ni kwenye kona, pale mbao ya mteremko inakutana na mbao ya chini. Mabati yanasukuma mbao za mteremko zifunguke kama miguu ya mtu anayeteleza. Mbao ya chini njo inazikamata. Kona ikiachia, ukuta unasukumwa inje. Katika nyumba yetu, kila kona iko na misumari 3 ya sentimeta 10, yote kwenye mstari mmoja, na mbao mbili zimepasuka kufuata ule mstari. Dawa yake ni kubadilisha zile zilizopasuka, kuweka kipande cha mbao ao tripleksi nene pande zote mbili, kupanga misumari kwa kupishana, mbali na ncha, na kutoboa tundu ndogo kuliko msumari mbele ya kupiga. Bulo ni nzuri zaidi, juu inaweza kukazwa tena mbao ikikauka. Angalia pia kama ferme imefungwa kwenye ukuta na chuma. Bila ile, upepo mkali unaondosha paa nzima.

Cha ine ni dawa ya vidudu. Mafuta machafu ya gari yanabaki juu-juu tu: mbao inakuwa nyeusi, lakini ndani vidudu vinaendelea, na mafuta yale ni mabaya kwa ngozi. Dawa ya boraksi inaingia na maji, kwa hiyo inapenda mbao mbichi. Unatia dawa, unafunika wiki kadhaa ili iingie, kiisha unakausha. Lakini mvua inaiosha, basi mbao ile ibakie chini ya mabati. Ukikata mbao nyuma ya dawa, ncha mpya inapakwa tena. Kwa kujua kama vidudu vingali hai, fagia unga, tandika karatasi nyeupe chini, rudia kiisha wiki mbili. Unga mpya unamaanisha vingali vinakula. Mchwa wenyewe unaonekana kwa njia za udongo zinazopanda ukutani.

Mwisho wa karatasi ni uamuzi. Kwa nyumba hii: « Mabati yasipande. Mbao ziteremshwe, zitiwe dawa, zipangwe chini ya kivuli na vijiti katikati ili upepo upite. Zipimwe tena. Kona zote zirudiliwe. » Kukausha kalitusi nene kunaomba miezi, siyo wiki. Mwenye nyumba asiyeweza kungoja atafute mbao kavu, na azipime naye mwenyewe mbele ya kulipa.