Goliathi Aliuawa Mara Ngapi?

Kuna swali la Mfalme Sauli ambalo wahubiri wengi hulipita kimyakimya. Daudi anashuka bondeni kupambana na Goliathi, na Sauli, akimtazama kwa mbali, anamgeukia Abneri, jemadari wake, amuulize kijana yule ni mtoto wa nani. Abneri anaapa kwamba hajui. Goliathi akishaanguka, Daudi analetwa mbele ya mfalme, kichwa cha adui kikiwa mkononi, na hapo ndipo anapojitambulisha kuwa mwana wa Yese wa Bethlehemu.

Ajabu ni kwamba sura moja kabla ya hapo Sauli alikwisha kumfahamu Daudi, tena vizuri. Katika sura ya 16 ya Samweli wa Kwanza, mfalme anasumbuliwa na roho mbaya, watumishi wake wanamshauri atafute mpiga kinubi, na mmoja wao anamtaja mwana wa Yese kwa sifa tele, ikiwemo sifa ya kuwa mtu wa vita. Sauli anatuma wajumbe kwa Yese mwenyewe. Daudi anafika, mfalme anampenda mno, anamfanya mchukua silaha wake, kisha anatuma tena kwa Yese kumwomba kijana abaki. Mtu aliyewasiliana na baba mara mbili anawezaje kuuliza mtoto ni wa nani?

Yako majibu ya haraka: labda Sauli alikuwa amechanganyikiwa, labda alitaka tu kujua zaidi kuhusu ukoo wa atakayekuwa mkwewe. Wanazuoni wanaochunguza Maandiko ya Kiebrania kwa njia ya kihistoria hawakuridhika na majibu hayo. Wao huanza na swali jingine: je, maneno haya yote yaliandikwa na mkono mmoja? Kwa habari ya Goliathi wana bahati ambayo ni nadra katika kazi yao, kwa sababu hawategemei kukisia peke yake. Kuna nakala ya kale ambayo ndani yake karibu nusu ya sura hiyo haimo.

Karne kadhaa kabla ya Kristo, Wayahudi waliokuwa wakizungumza Kigiriki walianza kutafsiriwa Maandiko yao. Tafsiri hiyo inaitwa Septuaginta, na mojawapo ya nakala zake kongwe zaidi, ya karne ya 4 BK, imehifadhiwa katika maktaba ya Vatikano. Ukifungua sura ya 17 humo, unasoma mistari 11 ya kwanza kama kawaida: Wafilisti wamepiga kambi, Goliathi anatukana majeshi ya Israeli, Sauli na watu wake wanajawa na hofu. Kisha inaruka moja kwa moja hadi mstari wa 32, ambapo Daudi anamwambia Sauli kwamba yeye atakwenda kupigana. Mistari 20 ya katikati haipo. Haupo mstari wa 41, sehemu ya mwisho ya wa 48, wala wa 50. Na lile swali la Sauli kwa Abneri, mistari minne ya mwisho wa sura, nalo halimo.

Hapo inafaa kufanya kile walichofanya wanazuoni: soma kilichobaki peke yake, halafu soma kilichokosekana peke yake.

Kilichobaki ni hadithi iliyonyooka. Daudi ni mpiga kinubi na mchukua silaha wa mfalme, kwa hiyo yuko kambini tayari. Anasikia matusi pamoja na wengine, anajitolea, anajaribishwa mavazi ya vita ya Sauli na kuyavua, anaokota mawe matano kijitoni. Jiwe linampata Mfilisti kwenye paji la uso, anaanguka, Daudi anamkimbilia na kummalizia kwa upanga wa mwenyewe. Hakuna anayeuliza Daudi ni nani, maana wote wanamjua.

Kilichokosekana nacho kina mwanzo wake. Mstari wa 12 unamtambulisha Daudi upya kana kwamba msomaji hajawahi kulisikia jina hilo: mwana wa Yese wa Bethlehemu, ambaye ana wana wanane, watatu wakubwa wako vitani, Daudi ni mdogo wao na kazi yake ni kuchunga. Baba anamtuma awapelekee kaka zake bisi na mikate, na jibini kumi kwa ajili ya kamanda wao. Anafika wakati Goliathi anatoka, naye Goliathi anatambulishwa upya pia, jina na mji wake, ingawa mistari ya 4 na 5 ilikwisha kutupa habari zake zote hadi uzito wa dirii. Daudi anadadisi zawadi atakayopewa mshindi, Eliabu kaka yake mkubwa anamkemea kwa hasira. Katika mstari wa 50 Daudi anamuua Mfilisti kwa kombeo na jiwe, na mwandishi anasisitiza kwamba hakuwa na upanga mkononi. Ndipo linakuja swali la Sauli, na katika hadithi hii halina ajabu yoyote: mchungaji huyu mfalme hajawahi kumwona.

Sasa rudi kwenye Biblia ya kawaida, ambamo hadithi zote mbili zimo pamoja, uangalie mistari ya 50 na 51. Wa kwanza unasema Goliathi ameuawa kwa jiwe, bila upanga. Unaofuata unasema Daudi alichukua upanga akamuua. Mtu mmoja anakufa mara mbili katika mistari miwili inayofuatana.

Aliyeziunganisha hakuwa mzembe. Aliziona tofauti hizo, na ameacha mishono yake wazi kama fundi cherehani aliyeungia kitambaa kipya kwenye kanzu kuukuu. Mmoja ni mstari wa 15, unaosema Daudi alikuwa akienda na kurudi kati ya kwa Sauli na kondoo wa baba yake. Katika hadithi ya mchungaji maelezo hayo hayana kazi. Yanafaa tu kwa mtu anayetaka kumpatanisha mpiga kinubi wa sura ya 16 na mchunga kondoo wa sura ya 17. Kinachovutia ni kwamba mhariri huyu aliongeza sentensi ya kupatanisha, lakini hakuthubutu kulifuta swali la Sauli. Tabia hiyo inajitokeza tena na tena katika Maandiko ya Kiebrania. Waliokusanya walipendelea kuhifadhi, hata ilipowagharimu mkanganyiko.

Si kila mtaalamu anakubali kwamba toleo fupi ndilo la kwanza. Mwaka 1986 wanazuoni wanne walichapisha kitabu kizima cha majadiliano juu ya sura hii moja, na walimaliza kama walivyoanza, wawili kwa wawili. Emanuel Tov na Johan Lust walitetea ufupi. Dominique Barthélemy na David Gooding walisema toleo refu ndilo la asili, na kwamba mtu fulani baadaye alikata sehemu zilizomkera. Hoja hiyo si ya kubezwa, maana waandishi wa kale nao walijua kuondoa migongano. Hata hivyo Tov aliuliza jambo ambalo ni gumu kulikwepa. Katika sehemu zilizobaki, mfasiri wa Kigiriki anafuata Kiebrania karibu neno kwa neno. Mtu wa namna hiyo hatupi mistari 20 kwa mkupuo. Na hata kama mkataji alikuwa Mwebrania kabla yake, lengo likiwa kumaliza mgongano, ingetosha kufuta swali la Sauli na mistari michache mingine. Mikate, bisi na jibini vilimkosea nini?

Urefu wa Goliathi nao umehaririwa. Biblia nyingi zinasema mikono sita na shubiri, yaani karibu mita tatu. Septuaginta inasema mikono minne na shubiri, kama mita mbili hivi: mtu mrefu sana, lakini wa aina tunayoweza kukutana naye uwanjani kwenye mpira wa kikapu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Wagiriki walipunguza chumvi. Kisha, mwaka 1952, yakapatikana katika pango la nne la Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, mabaki ya gombo la Samweli kwa Kiebrania lililonakiliwa katika karne ya 1 KK. Nalo lina minne. Mwanahistoria Myahudi Yosefo, aliyeandika katika karne ya 1 BK, anataja minne vilevile. Inaelekea Goliathi alirefuka kadiri hadithi ilivyosimuliwa.

Halafu kuna tatizo la Elhanani, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote. Katika Samweli wa Pili 21:19 anatajwa askari wa Bethlehemu aitwaye Elhanani aliyemuua Goliathi wa Gathi, mwenye mkuki ambao mpini wake ulikuwa kama mti wa mfumaji. Mji ni uleule, na mkuki unasifiwa kwa maneno yaleyale. Wanazuoni wengi wanaona kwamba hapa tuna kumbukumbu ya zamani zaidi, na kwamba ushindi wa askari asiyejulikana ulikuja kuhamishiwa kwa mfalme mashuhuri, jambo la kawaida katika masimulizi ya mashujaa popote duniani.

Mwandishi wa Mambo ya Nyakati, aliyekuwa na kitabu cha Samweli mbele yake na kuandika baada ya Wayahudi kurudi kutoka uhamishoni Babeli, aliliona tatizo hilo. Katika Nyakati wa Kwanza 20:5, Elhanani anamuua Lahmi, ndugu yake Goliathi. Huyu Lahmi hatajwi popote pengine. Kwa Kiebrania, jina lake ni sawa na nusu ya pili ya neno linalomaanisha mtu wa Bethlehemu, neno lililomo katika mstari wa Samweli na ambalo halimo katika mstari wa Nyakati. Kwa hiyo wengi wanaamini kwamba ndugu huyu alizaliwa kwa herufi chache kusomwa vingine, iwe kwa makusudi au kwa nakala iliyoharibika. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikwenda mbali zaidi, ikayaingiza maneno ya kumaanisha ndugu hata katika mstari wa Samweli.

Uzito wa sura hii unaonekana ukiilinganisha na vitabu vya Musa. Tangu daktari Mfaransa Jean Astruc alipochapisha uchunguzi wake juu ya Mwanzo mwaka 1753, wanazuoni wamekuwa wakitenganisha masimulizi yaliyosukwa pamoja. Mfano wao mkubwa ni gharika: mahali pamoja Nuhu anaagizwa wanyama wawiliwawili, mahali pengine wale walio safi wawe sabasaba, mara mvua ni ya siku 40, mara maji yanatawala siku 150. Ukiyatenga, unapata masimulizi mawili ambayo kila moja linakaribia kujitegemea. Lakini hakuna gombo lililowahi kupatikana lenye simulizi moja tu kati ya hayo. Wapinzani wamekuwa wakiuliza, na swali lao ni la haki, kama kweli kuliwahi kuwa na mwandishi wa kale aliyefanya kazi ya namna hiyo, au ni mchezo wa maprofesa wa Ulaya na makasi yao.

Kwa sababu hiyo makala ya Tov kuhusu Daudi na Goliathi iliingizwa katika kitabu alichokihariri Jeffrey Tigay mwaka 1985, kilichokusanya mifano ambamo toleo la kabla na la baada ya uhariri yote mawili yapo mezani. Mfano huo hauthibitishi kwamba gharika iligawanyika pale hasa wanazuoni walipochora mstari. Unachoonyesha ni kwamba, kama Tov yuko sahihi, katika Israeli ya kale alikuwepo angalau mtu mmoja aliyechukua masimulizi mawili ya tukio moja, akayapishanisha mstari kwa mstari, na kuiacha mishono yake ionekane.