Ngazi ni ya Mtu, Mzigo Uvutwe kwa Kamba

Kwenye ujenzi wa nyumba ndogo ya ghorofa tunamwona kibarua akipanda ngazi na mfuko wa saruji begani, mkono mmoja tu umeshika ngazi. Sisi twasema ngazi ni ya mtu. Ikiegemea mahali penye kimo cha mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani. Juu ipite sakafu kwa mita 1, nayo ifungwe.

Mzigo uvutwe kwa kapi, lakini kwanza tuitazame boriti inayobeba kapi hiyo. Mfuko una kilo 50. Anayevuta kutoka chini naye huikokota kamba kwa nguvu ya kilo 50 na zaidi. Hivyo boriti hubeba kupita kilo 100. Ikitokeza nje mita 1 na kubaki ndani mita 2, mfuko mmoja wa saruji uliowekwa mkiani hautoshi kuizuia. Mitatu itaizuia. Lakini fundi akiishiwa saruji atachukua mmoja, kisha wa pili, na mvutaji aliye chini hana habari. Boriti itapinduka na kumwangukia.

Kwa hiyo tusikandamize mkia kwa vifaa vya kazi. Ufungwe imara kwenye nguzo au boriti ya jengo lenyewe. Kisha tuinue mzigo shibiri moja tu, tutazame kama mkia unanyanyuka. Ukinyanyuka, tushushe mzigo na kufunga upya. Mvutaji asimame kando, na chini ya mzigo asipite mtu.