Sufuri ya kipima gesi haitoshi kumshusha fundi tangini

CHINI ya kila kituo cha petroli katikati ya jiji la Nairobi kuna matangi yaliyozikwa ardhini, ambayo mara kwa mara huhitaji mtu kuingia ndani ili kusafisha au kukagua. Mafuta yanapokwisha kunyonywa tangi huonekana tupu, lakini mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa, hubaki umetulia chini. Ni tabia hiyo hiyo ya kufuata mabonde na mitaro iliyoonekana katika mtaa wa Sinai, Eneo la Viwandani, Septemba 12, 2011, petroli ilipovuja kutoka bomba kuu hadi mtaroni, ikashika moto na kuua zaidi ya watu 100.

Kabla ya kuingia, mafundi hutumia kipima gesi cha mkononi. Kwenye kioo chake huandikwa "% LEL", nazo herufi hizo huwapotosha wengi. Si asilimia ya gesi iliyomo hewani. Kila gesi ina kiwango cha chini ambacho, ikipungua hapo, haiwezi kushika moto: kwa petroli ni takriban asilimia 1.4 ya hewa, na kwa methani, gesi ya mashimo ya majitaka, ni asilimia 5. Kipima kikisoma 100, hewa imefikia kiwango hicho na cheche moja yatosha. Kikisoma 10, imefika sehemu moja ya kumi ya njia, na hapo ndipo king'ora huwekwa na mtu hakubaliwi kuingia.

Sasa tuchukue mfano. Fundi ateremsha mpira wa kunyonya hewa, asubiri hewa ya chini ifike kwenye kipima, na kusoma 2 mdomoni mwa tangi, 5 katikati na 9 chini. King'ora kimenyamaza. Je, aingie?

Jibu lategemea gesi iliyotumiwa kusawazisha kipima hicho. Ndani ya vipima vingi mna kihisi chenye waya wa platini uliopashwa moto, ambao huiunguza gesi kidogo na kupima joto linalotokea. Mvuke wa petroli hukifikia kihisi kwa shida kuliko methani. Kwa hiyo kipima kilichosawazishwa kwa methani huonyesha karibu nusu tu ya hatari halisi ya petroli. Ile 9 yapaswa kuzidishwa kwa takriban 2 (kigezo kamili kimo katika kijitabu cha mtengenezaji), nayo huwa 18. Fundi asiingie.

Hata kama hesabu ingekuwa sahihi, kutolipuka si sawa na kufaa kupumuliwa. Asilimia 10 ya kiwango hicho kwa petroli ni sehemu 1,400 katika milioni, ilhali kipimo kinachopendekezwa na wataalamu wa Marekani kwa siku ya kazi ya saa nane ni 300. Katika mashimo ya choo hali ni mbaya zaidi: gesi inayonuka kama yai viza huhatarisha maisha ikifika sehemu 100 katika milioni, wakati ambapo kihisi cha mlipuko bado kinasoma sufuri. Huhitaji kihisi chake.

Oksijeni hupimwa kwanza, kwani bila hewa ya kutosha waya ule hauwezi kuunguza chochote. Katika tangi lililojaa mvuke mzito kupita kiasi, namba yaweza kupanda ghafla na kisha kushuka hadi sufuri. Fundi asiyejua hufurahia kushuka huko.

Kihisi pia hufa kimyakimya. Silikoni iliyomo katika grisi na dawa za kung'arisha dashibodi hukitia sumu, nacho huendelea kuonyesha sufuri kwa utulivu. Dawa ni kukijaribu kila siku kabla ya kazi: hupulizwa gesi kutoka mtungi mdogo, kwa mfano methani ya asilimia 2.5, na kioo hutakiwa kusoma karibu 50. Kikisoma 30, kisawazishwe upya. Kikikataa, kihisi kibadilishwe. Methani ndiyo hupotea kwanza kihisi kinapotiwa sumu, hivyo ni vyema kujaribu kwayo hata kama kazi ni ya petroli. Wako wanaotumia kiberiti cha gesi badala ya mtungi. Hicho huthibitisha tu kwamba king'ora chalia, na gesi yake nyingi yaweza kukiharibu kihisi.

Kabla ya hayo yote, sufuri yenyewe huwekwa katika hewa safi. Anayewasha kipima kando ya mdomo wa tangi ulio wazi hukifundisha kuuhesabu mvuke wa petroli kuwa hewa safi, na kila namba itakayofuata itakuwa pungufu kwa kiasi hicho.